Tupeane uzoefu: Kwa nini ukituma picha jibu linachelewa kuliko ukituma maandishi?

Msumeno: Wakuu habari zenu. Nikimwandikia mtu "upo?" jibu linarudi chapchap. Nikimtumia picha, mtu yuleyule, simu ileile, naweza kukaa nusu siku. Mimi natengeneza pampu za maji, vipuri naagiza kwa kutuma picha, kwa hiyo jambo hili linanigusa mfukoni. Kwenu ikoje?

Bi Shani: Ni mtandao tu huo. Picha nzito, maneno mepesi. Punguza ukubwa wa picha, kwisha habari.

Kipimajoto: Bi Shani uko sahihi nusu. Aya nzima ya maandishi ni kama kilobaiti 1. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera inaweza kuwa megabaiti 4, yaani megabiti 32. Kama laini yako inapandisha megabiti 1 kwa sekunde, hapo ni sekunde 32 bila kukatikakatika. Ila WhatsApp kwa kawaida huibana picha kabla haijatoka. Ikishuka hadi kilobaiti 200, inapanda kwa sekunde 2 hivi. Kwa hiyo mtandao unaeleza sekunde, ukiwa mbovu sana dakika. Nusu siku hauielezi.

Msumeno, angalia alama zilizo chini ya picha yako. Ukiona kasaa kadogo, bado iko kwako. Tiki mbili maana yake ujumbe umefika kwenye simu yake, lakini ujumbe si picha. Kinachotangulia ni kifurushi kidogo chenye taswira ya ukungu na maelekezo ya kuipata picha kamili, ambayo inasubiri kwenye seva. Aliyezima upakuaji wa moja kwa moja ataona ule ukungu mpaka auguse mwenyewe. Na akifungua mazungumzo tu, tiki zinageuka bluu hata kama picha hajaigusa. Watu wengi wamenuniana kwa hili.

Kibandiko: Kumbe! Basi mimi ndiye yule wa ukungu. Nimezima upakuaji kwa sababu ya bando, picha naziweka kiporo hadi nifike penye waifai. Nikifika zimeshajaa, nyingine nazisahau kabisa.

Ua la Asubuhi: Mume wangu picha zangu anajibu kwa kidole gumba tu, tena muda huohuo. Hiyo nayo ni bando?

Msumeno: Dada, hiyo ni kesi nyingine, ifungulie uzi wake 😂

Mtu wa Stoo: Mimi ndiye ninayepokea hizo picha za vipuri, nawaambia ukweli wa upande wa pili. Ujumbe wa maneno nausoma juu ya skrini huku mkono mwingine umeshika boksi, na hapohapo naujibu. Picha isiyo na maneno, arifa inaniambia "Picha" basi. Mpaka nikae niifungue. Nikifungua nakuta sili nyeusi imelazwa mezani, hakuna rula pembeni, hakuna swali. Anataka bei? Anauliza kama ipo? Au ananionyesha ilivyochakaa? Naanza kuikuza nisome namba, imejaa grisi. Mteja mwingine akiingia hapo, wewe umeshasahaulika.

Lakini ukiandika chini ya picha hiyohiyo: "Sili ya pampu, mhimili milimita 12, mnayo moja leo?" hayo maneno yanatokea kwenye arifa. Nakujibu "ipo" hata kabla sijaitazama picha.

Bi Shani: Sasa kama maneno yanatosha, picha ya nini?

Mtu wa Stoo: Kwa sababu milimita 12 ni ya mhimili tu. Sili za mhimili mmoja hutofautiana kipenyo cha nje na urefu, hapo ndipo jicho linahitajika. Jibu la kwanza nalitoa kwa maneno, la kufunga mzigo nalitoa kwa picha.

Kipimajoto: Niongeze, ule ubanaji unaoharakisha picha ndio huohuo unaofuta tarakimu ndogo kwenye lebo. Usipige pampu nzima ukitegemea mtu aikuze. Isogelee lebo ijaze fremu, au itume kama dokumenti, hapo haibanwi, ila itakuwa nzito.

Kibandiko: Nzito tena? Basi kwangu itasubiri waifai.

Msumeno: Hapo ndipo panaponitatiza. Nimeanza kuandika kipimo na swali chini ya picha, na stoo mbili zinanijibu haraka kweli. Ya tatu hata nikiandika nini, kimya, halafu jioni inakuja sauti ya dakika nne. Hao mnawafanyaje?

Mtu wa Stoo: Hao piga simu, mkuu.

Bi Shani: Mimi bado nasema ni mtandao.