Timu zimecheza mechi tofauti, ligi inakatishwa. Tupange kwa wastani wa pointi?

Mratibu_Ligi: Wadau, naomba ushauri wenu. Ligi yetu ina timu 8, nyumbani na ugenini, kwa hiyo kila timu ilipaswa kucheza mechi 14. Uwanja umefungwa na msimu hauwezi kuisha. Vinara wana pointi 21 kwa mechi 10. Wa pili wana 18 kwa mechi 8, wana viporo viwili na hawajapoteza hata mechi moja. Wengine wanasema tutoe bingwa kwa pointi zilizopo, wengine wanataka wastani. Haki iko wapi?

Kocha wa Akiba: Rahisi tu mkuu. Wape hao wa pili pointi za viporo vyao, wanafika 24, wanachukua kombe. Timu isiyofungwa ingeshinda tu.

Tatu_Bila: Kocha, huwezi kumpa mtu ushindi wa mechi ambayo haijachezwa. Mbona hiyo rekodi ya kutofungwa imetoa sare tatu? Ushindi mara tano ni 15, sare tatu ni 3, jumla 18.

Mratibu, gawa pointi kwa mechi zilizochezwa. Vinara 21 kwa 10 ni 2.10. Wa pili 18 kwa 8 ni 2.25. Kwa wastani mtupu wa pili wanapanda juu. Ndivyo ilivyofanyika daraja la tatu Uingereza Juni 2020. Wycombe walikuwa wa nane, pointi 59 kwa mechi 34. Peterborough walikuwa wa sita, nao pointi 59 lakini kwa mechi 35. Wastani ukawa 1.74 kwa 1.69. Wycombe wakaruka hadi nafasi ya tatu, Peterborough wakatupwa nje ya mechi za mchujo, na Wycombe ndio waliopanda daraja.

Timu zikikaribiana sana usikimbilie kukata desimali. Pointi 40 kwa mechi 19 na pointi 42 kwa mechi 20, ukiishia desimali moja zote ni 2.1, kumbe ya kwanza iko juu kidogo. Zikilingana kabisa, tofauti ya mabao nayo igawe kwa idadi ya mechi, maana aliyecheza zaidi amepata nafasi zaidi ya kufunga na kufungwa.

Jezi_Namba_6: Argentina walikuwa wanashusha timu kwa wastani wa misimu mitatu, River Plate walishuka 2011 kwa mtindo huo. Kwa nini msijumlishe na misimu iliyopita?

Tatu_Bila: Ule ulikuwa wa kushusha daraja, na timu iliyopanda karibuni iligawiwa kwa mechi zake chache. Yeye anatafuta bingwa wa msimu mmoja.

Mratibu_Ligi: Asante. Kuna mwanya kwamba huenda tukapata uwanja wa kuchezea kiporo kimoja. Nitangaze kwanza kwamba tutatumia wastani?

Tatu_Bila: Hapo kuwa makini sana. Pointi hazipungui, wastani unapungua. Wa pili wakicheza na kutoka sare, wanakuwa na 19 kwa 9, yaani 2.11, wamebaki juu kwa unywele. Wakifungwa ni 18 kwa 9, yaani 2.00, kombe limekwenda. Ukitangaza sasa, timu hiyo haina sababu ya kutaka mechi ichezwe. Utaanza kusikia wachezaji wagonjwa na usafiri uliokwama. Amueni kwanza kama kiporo kinachezwa au hakichezwi, ndipo mtangaze.

Mwamuzi wa Pembeni: Kabla ya yote, hao wa pili walicheza wapi hizo mechi nane?

Mratibu_Ligi: Sita nyumbani, pointi 16. Mbili ugenini, sare zote. Vinara wamecheza tano nyumbani na tano ugenini, pointi 12 na 9.

Mwamuzi wa Pembeni: Basi wastani mtupu unawabeba. Piga hesabu mbali mbali, kisha zidisha kila upande kwa mechi 7 za msimu mzima. Wa pili: nyumbani 16 kwa 6 mara 7 ni 18.7, ugenini 1 mara 7 ni 7. Jumla 25.7. Vinara: 16.8 na 12.6, jumla 29.4. Bingwa amegeuka.

Tatu_Bila: Hesabu ni sahihi, ila unatabiri mechi saba za ugenini kwa kutazama mbili tu. Moja kati ya zile sare ingekuwa ushindi, ugenini wangekuwa na wastani wa 2, jumla yao ingefika 32.7. Matokeo ya mechi moja yanahamisha pointi saba. Mimi siwezi kumpa mtu kombe kwa hilo.

Mwamuzi wa Pembeni: Na mimi siwezi kumpa aliyecheza robo tatu ya mechi zake nyumbani. Mratibu, zipeleke hesabu zote mbili kwa timu sita ambazo hazigombei kombe, zipige kura.

Kocha wa Akiba: Hizo sita nazo zinagombania nafasi zao. Kura yao itafuata hesabu inayowapandisha.