Viva ya uzamivu: niifanye kwa video nikiwa Tanga, au nisafiri Uingereza?

Mwani_wa_Moa: Wadau, habari za asubuhi. Nimekabidhi tasnifu yangu ya uzamivu kuhusu wakulima wa mwani pwani ya Mkinga. Chuo kiko Uingereza, nacho kimeniachia nichague kwenda ana kwa ana au kufanya kwa video kutoka hapa Tanga. Nauli natoa mwenyewe. Viva, yaani huo mtihani wa mdomo wa kutetea tasnifu, huchukua muda gani, nani hukaa joponi, na matokeo unaambiwa siku hiyohiyo?

Ngamiani_12: Baki nyumbani, dada. Unaonyesha slaidi dakika ishirini, maswali machache, kwisha. Msimamizi wako atakuwemo joponi, ukikwama anakuokoa. Yangu ya uzamili haikumaliza lisaa limoja.

Mwl_Raskazone: Ngamiani, ulivyoeleza ndivyo utetezi wa uzamili unavyokwenda katika vyuo vyetu vingi, ila dada anazungumzia mfumo mwingine. Nami nilipita huko. Kwa kawaida hakuna slaidi na hakuna wasikilizaji. Watahini ni wawili, wa nje anayetoka chuo kingine, na wa ndani. Vyuo vingi huongeza mwenyekiti, ambaye haulizi kitu kuhusu utafiti. Kazi yake ni kulinda utaratibu. Msimamizi si mtahini. Ukiridhia anaweza kuingia, lakini anakaa kimya.

Kila mtahini huandika ripoti yake kabla hawajaonana na mwenzake. Kwa hiyo wanaingia chumbani tayari wana msimamo, na maswali ndiyo yanayouthibitisha au kuubadilisha. Yangu ilichukua saa mbili na dakika kumi. Swali la kwanza lilikuwa jepesi, nieleze tasnifu kwa maneno yangu. La pili lilihusu jedwali la sura ya nne: kwa nini nimehesabu kaya, wakati waliolima ni wanawake mmojammoja? Tulikaa hapo karibu nusu saa. Nilipoona wanarudia swali lilelile kwa njia tatu, nikajua hawatafuti kunifelisha. Wanataka nikiri mpaka wa data yangu. Nilipokiri, wakafungua ukurasa mwingine.

MamaZuhura: Poleni kuingilia. Mwanangu yuko Bagamoyo anasoma sanaa, wamefanya mtihani wa mdomo pamoja na wa ngoma, mpaka leo kimya. Ni halali?

Mwl_Raskazone: Mama, huo ni mtihani wa kozi. Matokeo hungojea kikao cha chuo. Aulize ofisi ya mitihani tarehe ya kikao.

Nirudi kwa dada. Mwishoni niliombwa nitoke, wakashauriana dakika ishirini na tano, wakaniita. Ndivyo ilivyokuwa kwangu, na ndivyo huwa. Mtahini wa nje alisema, "Tunapendekeza upewe shahada, kwa marekebisho madogo." Zingatia neno *tunapendekeza*. Unayoambiwa ni pendekezo, shahada hutolewa na chuo. Orodha ya marekebisho ilinifikia kwa maandishi baadaye, nikapewa miezi mitatu, na mtahini wa ndani ndiye aliyeyapitia marekebisho yangu kabla ya barua rasmi. Marekebisho makubwa huchukua muda mrefu zaidi, na wapo wanaoambiwa waandike upya na kukabidhi tena.

Pwani_Uholanzi: Huku Uholanzi nilikotetea mimi ni hadharani, ndugu wamejaa ukumbini. Baada ya dakika arobaini na tano za maswali anaingia mshika fimbo na kutamka "Hora est", yaani muda umefika, hata kama uko katikati ya sentensi. Jopo linatoka, linarudi, unakabidhiwa shahada palepale. Lakini tasnifu ilishakubaliwa wiki nyingi kabla, kwa hiyo kufeli siku ile ni nadra mno. Kwa Uingereza siku ile ina uzito wake kweli.

Mwani_wa_Moa: Asanteni. Basi kwa video, wakati wa kushauriana natolewa vipi?

Mwl_Raskazone: Mwenyekiti anakuhamishia chumba cha kusubiri cha mtandaoni, kisha anakurudisha. Muulize mapema umeme ukikatika itakuwaje. Yeye ndiye wa kusimamisha na kuamua kama mtaendelea. Shika nakala iliyochapishwa ileile uliyokabidhi, kurasa zisije zikapishana. Na angalia saa: saa nne asubuhi ya kwao ni saa saba mchana Tanga majira yao ya baridi, na saa sita majira ya kiangazi. Wakikupa Ijumaa, utakuwa mbele ya watahini wakati wa sala.

Ngamiani_12: Basi nimejifunza. Ila bado nasema video, nauli ile ni ada ya mtoto.

Pwani_Uholanzi: Mimi ningekwenda. Uso wa mtahini unaonekana vizuri zaidi mkiwa meza moja, na hapo ndipo unajua ukome au uendelee.

Mwani_wa_Moa: Nimewaandikia sasa hivi wanipe Jumanne, kwa video. Kinachonitatiza sasa ni msimamizi. Nikimruhusu aingie, ataandika maswali yote niyakumbuke baadaye. Lakini nikimwona pale nitajibu nikimtazama yeye.