Naomba ushauri: wenye visima niwaweke wapi kwenye jedwali la wadau?

Wakuu, habari za majukumu. Naandaa daftari la wadau wa mradi wa maji wa kijiji, huku Newala. RUWASA, wakala wa maji vijijini, na serikali ya kijiji nimewaweka penye nguvu kubwa na maslahi makubwa. Akina mama wachotaji, maslahi makubwa, nguvu ndogo.

Nimekwama kwa wenye visima vya kuvunia maji ya mvua, wanaouza kwa ndoo kiangazi. Hawana cheo, ila mkutano wa kijiji unawasikiliza sana, na kituo cha kuchotea cha mradi kitawapunguzia wateja. Nimeongeza safu ya msimamo, anaunga mkono au anapinga, lakini bado sijui pa kuwaweka.

Je, nguvu yao niipime kwa cheo au kwa ushawishi? Na niwashirikishe kabla bei ya ndoo kituoni haijapangwa, au baada?