Ushauri: insha ya kuomba ufadhili, mwalimu anasema "wewe sijakuona"

Binti wa Muheza
Wakuu, shikamooni. Nimemaliza kidato cha sita na naomba ufadhili wa chuo. Insha ni maneno 300, kuhusu ugumu wa kifedha uliopitia na ulivyoukabili. Mwalimu wangu ameisoma akasema, "Shida nimeziona, wewe sijakuona." Kipande chenyewe:

"Natoka katika familia maskini sana. Baba alipopooza maisha yalikuwa magumu mno, tukakosa hata ada ya kidato cha tano. Lakini mimi ni msichana jasiri, mvumilivu na mwenye bidii, hivyo nikafaulu."

Habari ya kuuza vitumbua na mama sijaiweka. Mtaani kwetu kila mtu anauza kitu.

Kipanga
Ambatisha cheti cha daktari cha baba, na namba ya kaya ya TASAF kama mnayo. Mdogo wangu alikosa mkopo wa bodi kwa ajili ya viambatisho tu.

Chaudele
Chagua tukio moja, achana na mengine. Anza na siku baba anaanguka. Msomaji akitokwa na machozi umemaliza kazi.

Bi Mkubwa
Mwanangu, marahaba. Nimesoma maombi ya namna hii kwa miaka. Kipanga, vyeti vinathibitisha shida. Insha inauliza mwombaji alifanya nini ndani ya shida hiyo. Chaudele umepatia kwenye tukio moja, ila siku baba anaanguka binti hana la kufanya zaidi ya kulia. Msomaji atamhurumia, na bado hatamjua.

Kila neno la kujisifu liulize: lini, wapi, mikono yako ilikuwa inafanya nini? "Jasiri" likikosa jibu, lifute. Na hiyo ada: serikali iliifuta kwa kidato cha tano na sita kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Msomaji anayeijua Tanzania atasimama hapo, na hata yaliyo kweli atayasoma kwa mashaka. Taja kilichokosekana hasa.

Vitumbua unavyoviona vya kawaida ndivyo ninavyovitaka. Kuna siku biashara ilikwama, ukaamua jambo?

Binti wa Muheza
Kilichokosekana ni nauli ya kwenda shule ya bweni na godoro. Kuhusu biashara, nimejaribu hivi:

"Katikati ya mwezi, nikirudi kutoka shule, nilikuta vitumbua vimebaki kwenye ndoo. Mama alivigawa kwa majirani, usiku akaloweka tena mchele kilo mbili. Nikaanza kuandika kwenye daftari: tumeloweka kiasi gani, vimebaki vingapi. Nilipomwonyesha alikataa, akasema mteja akikuta ndoo tupu harudi. Nikamwomba tujaribu kilo moja na nusu kwa wiki moja. Wateja hawakupungua. Pesa iliyobaki tuliiweka kwenye kopo, ndiyo iliyonunua godoro. Hii inaonyesha ubunifu na ustahimilivu wangu."

Chaudele
Hapa nimekubali. Lakini mama kukataa kutoe, kunamwonyesha vibaya.

Bi Mkubwa
Kubaki, Chaudele. Alikataa kwa sababu ya maana, na binti akatafuta njia ya kumshawishi bila kumvunjia heshima. Pakiondoka pale, inabaki hesabu ya mchele tu.

Futa sentensi ya mwisho yote. Msomaji ameshaona daftari, usimwambie alichokiona. Maneno utakayookoa yapeleke kwenye kopo: lilikaa wapi, nani alilifungua, kuna siku mlilazimika kulichota kwa dawa za baba? Ukikumbuka bei ya mchele ya wakati ule, itaje. Usipokumbuka usikisie, maana kwenye usaili wanapenda kurudi kwenye kitu kidogo kama hicho. Na mwalimu anayekuandikia barua ya mapendekezo asome insha kwanza, ili naye asiandike kwamba ulikosa ada.

Binti wa Muheza
Kopo tulilichota, ndiyo maana godoro lilichelewa na nikalala bwenini kwenye kitanda cha rafiki. Nitaandika hilo. Tatizo ni mama: hataki ugonjwa wa baba uandikwe kwa watu asiowajua.

Kipanga
Usipoutaja watadhani unaficha, na cheti cha daktari kitakuwa kimekaa bure.

Bi Mkubwa
Mimi ningeandika "baba alipoacha kufanya kazi" na kuendelea. Fomu ikiuliza sababu mahali pengine, ijibu huko. Ila ni nyumba yenu, mwanangu. Msomee mama insha nzima kabla hujaituma.

Binti wa Muheza
Nitamsomea Jumapili. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa, nikipata jibu lake nitaweka hapa insha yote.