Bimkubwa anatumia vidonge vya berberini juu ya dawa za sukari, inashuka hadi anatoka jasho. Naombeni ushauri

Mwana_wa_Lushoto:
Wakuu habari za muda huu. Bimkubwa ana miaka 61, ana sukari, anatumia metfomini na glibenklamaidi na asubuhi alikuwa anacheza kwenye 9 hadi 10. Sasa dada yangu kamletea vidonge vya berberini vya miligramu 500, anameza kimoja kila mlo, na kweli sukari ya asubuhi imeshuka kwenye 6 hivi, ila juzi kabla ya chakula cha mchana akaanza kutetemeka na jasho, tukapima tukakuta 3.4. Yeye anasema dawa imefanya kazi, anataka aache metfomini abaki na hii ya mimea. Je hii kitu inafanyaje kazi, na ni sawa kuacha?

Tibalishe:
Mkuu hii ni insulini ya mimea, inaamsha kongosho litoe insulini nyingi, ndo maana ikashuka. Akipunguza ugali atakaa sawa tu.

Dokta_wa_Famasi:
@Tibalishe kushusha umepatia ila njia siyo hiyo, hapo aliyeisukuma kongosho ni glibenklamaidi. Berberini kazi yake kubwa iko ndani ya seli. Inaingia kwenye mitokondria, pale seli inapotengenezea nguvu, inabana hatua ya kwanza ya kazi hiyo. ATP, yaani nguvu yenyewe ya seli, ikipungua, mabaki yake yanayoitwa AMP yanapanda, na kimeng'enya cha AMPK ndo kinachosoma hali hiyo, ichukulie kama taa ya mafuta kwenye dashibodi, ikiwaka seli inaanza kubana matumizi. Ini linapunguza kutengeneza sukari, na hiyo ndo inayopandisha ya asubuhi hata mtu hajala kitu, halafu misuli inavuta sukari kutoka kwenye damu ili ipate cha kuchoma.

Sasa metfomini nayo inabana palepale kwenye mitokondria, kwa hiyo bimkubwa hajapata kitu tofauti sana, kaongeza dawa inayofanana na ile aliyonayo. Ila zikiwa hizo mbili tu mtu hafiki 3.4 kirahisi. Mimi naiangalia glibenklamaidi. Hiyo inasukuma insulini hata kama sukari iko chini, na berberini inaweza kubana vimeng'enya vya ini vinavyoiondoa mwilini, hivyo kidonge kilekile kinakaa muda mrefu na kuuma zaidi. Tena kwa umri wake mtu anashuka haraka.

Binti_Kipara:
Mimi nilitumia sikuona sukari kushuka, nilichoona ni tumbo, mara nafunga choo mara naharisha, nikaacha. Halafu mbona wanasema haiingii hata kwenye damu?

Dokta_wa_Famasi:
Hapo umegusa penyewe. Inayoingia kwenye damu ni chini ya asilimia 1, utumbo wenyewe unaitema nyuma. Bakteria wa tumboni wanaigeuza kuwa aina inayopenya vizuri zaidi, ila wapo wanaosema kazi kubwa inafanyikia hukohuko utumbo, na kwenye maabara imeonekana kushusha sukari hata kwenye seli zisizo na AMPK. Kwa hiyo AMPK ni sehemu ya hadithi, mabishano bado yapo.

Mwana_wa_Lushoto:
Kwa hiyo dada kanunua uongo?

Dokta_wa_Famasi:
Hapana. Mwaka 2008 Wachina walichapisha jaribio la wagonjwa wapya 36, nusu wakapewa berberini miligramu 500 mara tatu kwa siku, nusu metfomini. Baada ya miezi 3 kipimo cha wastani wa sukari wa miezi kadhaa, HbA1c, cha wenye berberini kikatoka asilimia 9.5 hadi 7.5, wakawa sambamba na wale wa metfomini. Ila ni watu wachache na muda mfupi, na hawakuwa wanachanganya na glibenklamaidi kama mama.

Fanya hivi: asimamishe hivyo vya berberini, metfomini asiiache kwa kujiamulia, leo hii piga simu kliniki waambie ile 3.4 na vidonge vyote anavyomeza, wao waamue kuhusu glibenklamaidi. Akitetemeka tena mpime, ikiwa chini ya 4 mpe sukari vijiko vitatu vya chai kwenye maji, mpime tena baada ya dakika 15, halafu ale chakula kamili maana glibenklamaidi inaweza kumshusha tena baadaye. Akichanganyikiwa au kushindwa kumeza usimmiminie kitu mdomoni, kimbieni hospitali.

Mzee_wa_Usambara:
Vijana huku milimani kuna mti wa miiba, mizizi yake ukikwangua ni njano kabisa, jamii hiyohiyo ya berberini. Si bora achemshe huo, bure?

Dokta_wa_Famasi:
Mzee shikamoo. Ni kweli ipo humo, ila kwenye sufuria huwezi kujua umekunywa miligramu 50 au 900. Kwa mtu anayetumia glibenklamaidi hapana.

Shangazi_Mrembo:
Na ya kupunguza kitambi inamezwa kabla ya kula au baada?

Mwana_wa_Lushoto:
Kliniki wamesema nimlete kesho asubuhi na vidonge vyote kwenye mfuko. Dada kanuna.