Kitini cha safu mbili kilichoskaniwa: nikiandikeje upya ili NVDA ikisome kwa mpangilio?

Tumaini_Soweto

Habari zenu wakuu. Niko Moshi, mwaka wa pili, nasomea ualimu wa Kiswahili. Darasani tuna mwenzetu asiyeona, anatumia leptopu yenye NVDA, programu inayomsomea skrini kwa sauti. Somo la mofolojia na sintaksia lina kitini cha kurasa 14, kila ukurasa una safu mbili, na tulichonacho ni kopi ya kopi. Mhadhiri aliyekiandika alishastaafu na faili la asili halipo, nimeshauliza. Steshenari walikiskani wakanipa PDF, lakini ni picha tupu, NVDA haioni neno hata moja.

Binamu yangu aliziweka kurasa kwenye Tesseract, programu ya kugeuza picha kuwa maandishi, kwa amri hii:

```
tesseract uk-05.png uk-05 -l swa --psm 6
```

Maneno mengi yametoka sawasawa, ila mpangilio umevurugika. Angalieni:

```
Mofimu ni kipashio kidogo Viambishi tamati hukaa
cha lugha chenye maana. baada ya mzizi, kama
```

Mwenzangu alisikiliza ukurasa mmoja akaniambia kila baada ya maneno manne anahama mada. Jaribio ni baada ya wiki mbili. Nichape yote upya kwa mkono, au kuna njia?

Mzawa_Kiborloni

Pole dada. Mama yangu naye macho yamefifia. Tulimkuzia maandishi hadi saizi 20, tukayakoleza na kutoa kopi kwenye A3. Sasa anasoma bila shida. Jaribu na wewe.

Tumaini_Soweto

Asante kaka, mpe mama pole. Huyu mwenzangu haoni kabisa, anasikiliza tu.

Digala

Usichape upya. Maneno yameshatoka, kazi iliyobaki ni usafi. Fungua kwenye Word, bonyeza Ctrl+H. Kwanza tafuta `-^p` usiweke chochote kwenye Replace with, hapo maneno yote yaliyokatwa mwisho wa mstari yataungana. Kisha tafuta `^p^p` weka `##`, halafu `^p` weka nafasi moja, mwisho `##` irudishe kuwa `^p`. Mistari yote itakuwa aya kamili. Bonyeza Replace All kila hatua. Dakika tano umemaliza.

Karanga

Digala, mpangilio wa hatua zako ni sahihi na mimi hutumia huo huo. Lakini kwa kitini hiki kuna mambo mawili yatamharibia kazi.

La kwanza, usafi hauwezi kunyoosha safu zilizokwisha kuchanganyika. Tumaini, kosa limetoka kwenye `--psm 6`. Hapo binamu yako ameiambia Tesseract kwamba ukurasa mzima ni bonge moja la maandishi, kwa hiyo inasoma kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia bila kujali ujia mweupe wa katikati. Asingeweka namba yoyote ingetumia 3, ambayo hujaribu kuzitambua safu yenyewe. Kwenye skani safi hiyo hufanya kazi vizuri. Kwenye kopi ya kopi ukurasa huwa umelala upande kidogo na ujia una madoa, basi kuna kurasa itazipatia na kuna kurasa itakosea, na hutajua zipi mpaka usome zote. Ndiyo maana mimi huzikata safu kabla. Toa picha kwenye PDF kwa 300 dpi:

```
pdftoppm -r 300 -gray -png kitini.pdf uk
```

Fungua kila picha kwenye programu yoyote ya picha, inyooshe kama imelala, kisha ikate: safu ya kushoto faili lake, ya kulia faili lake. Kichwa kinachokaa juu ya safu zote mbili kikate peke yake, na jedwali linalovuka safu vivyo hivyo. Kurasa 14 zitakupa picha 28 na chache za ziada, ni kazi ya jioni moja. Zipe majina yanayofuata mpangilio wa kusoma, 05a, 05b, 06a. Ipo amri ya kukata zote kwa mkupuo, lakini hukata katikati kabisa, na kwenye kopi ujia haukai katikati. Utapoteza herufi za mwanzo za safu ya kulia. Kisha:

```
tesseract 05a.png 05a -l swa --psm 4
```

Namba 4 maana yake hii ni safu moja, ila ukubwa wa herufi unaweza kubadilika, kwa mfano penye vichwa vidogo.

La pili ndilo zito zaidi. Hiki ni kitini cha mofolojia, ndani yake vistari ni sehemu ya somo. Tuseme mwandishi ameonyesha `a-li-m-pig-i-a` na mstari ukaishia hivi:

```
a-li-m-
pig-i-a
```

Ukibonyeza Replace All kwa `-^p` utapata `a-li-mpig-i-a`. Mofimu ya mtendwa imemezwa na mzizi. Mwanafunzi anayeona angerudi kwenye karatasi akagundua. Anayesikiliza ataandika hivyo hivyo kwenye jaribio na atakosa alama. Kwa hiyo hatua hiyo moja tumia Find Next, amua kistari kimoja kimoja. Kama neno lina vistari vingine ndani yake, hicho cha mwisho kibaki, uondoe mkato wa mstari tu. Kama ni neno la kawaida lililokatwa, mfano `viambi-` na chini yake `shi`, kiondoe. Hatua zinazofuata Replace All haina madhara.

Digala

Hilo la mofimu sikulifikiria kabisa, asante mwalimu. Mimi vitini nilivyosafisha ni vya historia.

Tumaini_Soweto

Shikamoo mwalimu. Nimeelewa. Swali: kitini kimepigia mistari mofimu nyingi, halafu chini kinasema "mofimu iliyopigiwa mstari ni ya wakati". Hiyo mistari Tesseract haikuitoa.

Karanga

Marahaba. Hata ingeitoa isingesaidia, kwa sababu NVDA isipowekewa mpangilio wa kutaja mistari na maandishi yaliyokolezwa, hupita kimya. Sentensi hiyo iandike upya kwa maneno: "katika a-na-pik-a, mofimu ya wakati ni na". Ukibadilisha namna hii, anza na neno lilelile kila mara, mimi huandika "Maelezo ya mwandalizi", ili msikilizaji ajue hayo si maneno ya mhadhiri.

Vichwa visiishie kukolezwa. Vipe Heading 1 na Heading 2 kwenye Word. Akiwa katika hali ya kuvinjari ataruka kichwa hadi kichwa kwa herufi H. Tanbihi za chini ya safu zihamishie mwisho wa aya inayohusika, vinginevyo zitakatiza sentensi inayovuka kwenda safu ya pili. Na namba za kurasa pamoja na jina la somo linalojirudia juu, futa.

Sikio_Ngarenaro

Mwalimu Karanga, hapo kwenye namba za kurasa naomba nipingane nawe. Mimi sioni, nimesoma kwa NVDA chuo kizima nikiwa hapa Arusha. Mhadhiri anasema "tazameni ukurasa wa 6, safu ya pili", darasa zima linafungua, mimi natafuta gizani. Jina la somo futeni, namba bakizeni. Aliyenisaidia alikuwa anaandika "Ukurasa wa 6" kwenye mstari wake peke yake. Kama sentensi inavuka ukurasa, aliiacha iishe kwanza ndipo akaweka namba.

Jambo jingine kwa Tumaini: hakikisha lugha ya maandishi kwenye Word imewekwa Kiswahili, na mwenzako achague sauti ya Kiswahili ya eSpeak NG, inakuja ndani ya NVDA. Kiswahili kikisomwa na sauti ya Kiingereza kinachosha masikio kuliko hata safu zilizochanganyika. Kisha kwa vile vistari, abonyeze NVDA+P kupandisha kiwango cha alama mpaka avisikie vikitajwa. Asipofanya hivyo `a-li-m-pig-i-a` itapita kama silabi zilizotapakaa.

Karanga

Nimekubali, Sikio. Namba zibaki, na kwa jinsi hiyo ya kuiacha sentensi iishe.

Mwl_Fizikia_Himo

Samahani naingilia. Nina kitini cha fizikia cha safu mbili, nusu yake ni milinganyo. Njia hii itanifaa?

Karanga

Kukata safu kutakufaa. Milinganyo haitatoka. Tesseract itakupa herufi zisizo na maana palipo na sehemu na vipeo, na mbaya zaidi baadhi zitafanana na kitu sahihi. Hiyo italazimu uichape mwenyewe kwa mkono. Fungua uzi wako mwalimu, ni habari ndefu.

Tumaini_Soweto

Narudi baada ya siku nne. Nimekata picha zote, zimefika 33. Kurasa zimetoka, ila nimekuta `a-1i-m-pig-i-a`, namba moja mahali pa herufi l, kwenye mifano 11. Kikagua tahajia hakinisaidii maana mifano yote kinaiwekea mstari mwekundu, sahihi na isiyo sahihi.

Karanga

Tafuta tarakimu badala ya maneno. Kwenye Find andika `^#`, inasimama kwenye kila tarakimu. Kitini cha lugha hakina nyingi, utazipitia haraka.

Kisha kagua maungio. Chukua mstari wa mwisho wa kila safu na wa kwanza wa safu inayofuata, usome viwili hivyo tu. Visipofuatana kisarufi, kuna kipande kimepotea au faili limekaa pasipo pake. Una maungio 27 ya safu, hayamalizi nusu saa. Mwisho washa NVDA, usikilize kurasa mbili tatu huku macho yako yakiwa kwenye karatasi, si kwenye skrini. Ukitazama skrini jicho litasahihisha kile sikio lilichokosa.

Tumaini_Soweto

Maungio mawili yamegoma. Moja, 09a na 09b nilibadilisha majina. La pili, safu ya 11b niliikata juu sana nikaacha mstari mmoja nje. Nimerekebisha. Mwenzangu amesikiliza kurasa tano mfululizo bila kuniita.

Kumebaki mchoro matawi, ukurasa wa 12, sentensi "Mtoto anacheza mpira". Niuelezeje?

Karanga

Shuka kutoka juu kwa sentensi: "S ina matawi mawili, KN na KT. KN ina N, ambayo ni mtoto. KT ina T, ambayo ni anacheza, na KN. KN hiyo ina N, ambayo ni mpira."

Sikio_Ngarenaro

Kwa mchoro mdogo hiyo inatosha. Ukiwa mkubwa, mimi hupotea sijui niko tawi la ngazi ipi. Napenda namba:

```
1 S
1.1 KN
1.1.1 N: mtoto
1.2 KT
1.2.1 T: anacheza
1.2.2 KN
1.2.2.1 N: mpira
```

Kila mstari unajieleza uko chini ya nani, na naweza kurudi nyuma mstari mmoja mmoja.

Karanga

Wanafunzi wawili niliowaandalia hivyo walilalamika kuwa namba zinawajaa kichwani kuliko mchoro wenyewe. Sentensi waliifuata.

Tumaini_Soweto

Nitamwandikia zote mbili kwa mchoro huo mmoja, achague yeye. Michoro mingine mitatu nitaisubirisha mpaka anijibu kesho.