"KCPE 98" lafukuza watu: grupu letu la shule tuliite vipi?

BintiMtongwe: Salamu wenzangu. Tulisoma shule moja ya msingi huku Likoni, tukaanza darasa la kwanza 1991. Majuzi mwenzetu mmoja kafungua grupu la WhatsApp akaliita "KCPE 98". Watu waliingia kwa fujo, picha za sare, vicheko mpaka usiku. Kisha dada niliyekaa naye dawati moja mpaka la sita akaandika, "Mimi KCPE 98 sikufanya," akatoka. Sasa yupo anayetaka "Watoto wa Likoni", mwengine "Wazee wa 98". Twataka jina litakalotukumbusha shule, na kila mtu ajione yumo. Mwasemaje?

KakaChangamwe: Jina la shule na mwaka, basi. Mtu akiliona ajua papo hapo ni grupu gani. Ukileta mafumbo watu watadhani ni la kuuza mitumba.

MwalimuMstaafu: Mwaka wasaidia, kaka, lakini mwaka wa mtihani huhesabu waliofika mwisho tu. Nilifundisha miaka hiyo. Elimu ya msingi bila malipo ilikuja Januari 2003. Kabla ya hapo mtoto alirudishwa nyumbani kwa sababu ya ada, na wengine hawakurudi tena. Kuna waliorudishwa darasa ili wasiishushe wastani ya shule, wakafanya mtihani mwaka uliofuata. Na nyinyi wa Likoni mna jambo zaidi: vurugu za Agosti 1997 ziliwakuta darasa la saba. Familia nyingi zenye asili ya bara zilihama, watoto wakamalizia kwengine. Mtu kama huyo ukimwita "KCPE 98" umemwambia hakuwa mwenzenu. "Watoto wa Likoni" ni pabaya zaidi, kwa sababu alikimbizwa kwa swali hilo hilo la nani ni mtoto wa hapa.

Tafuteni kitu kilichokuwepo shuleni miaka yote minane. Jiulizeni: aliyetoka la tano akijua? Aliyehamia la sita je? Wasichana na wavulana? Kisha muulize kama kuna yeyote aliyeaibishwa hapo. Jina la utani la mwalimu mwenye fimbo huchekesha waliokuwa hawachapwi.

MzeeWaFeri: Msijisumbue na jina. Letu lilikuwa zuri sana, na grupu likafa kwa michango. Kila msiba mchango, ukimuuliza mweka hazina hesabu anakwambia subiri. Mimi nilitoka.

BintiMtongwe: Pole mzee. Hatujafika kwa pesa.

KaraniWaChama: Mkifika, jina litawafuata. Kwa sheria ya 2022 ya kuandikisha vikundi vya jamii mwahitaji watu wasiopungua 10, na jina la kwenye cheti ndilo mtakalopeleka benki. Mkibadilisha baadaye mtaanza kuzunguka na makaratasi. Jina la shule likiwemo, mwambieni mwalimu mkuu mapema, isije ikaonekana mwachangisha kwa niaba ya shule. Kwa simu: neno lenye uzito liwe la kwanza, kwa sababu jina refu hukatwa mwishoni. Na wekeni mipangilio ili maadmini peke yao waweze kulibadilisha. La sivyo kila Ijumaa mtaamka na jina jipya.

BintiMtongwe: Mwalimu, nimewaza. Pale uwanjani palikuwa na mkungu mkubwa. Mapumziko sote tulikuwa hapo, twaponda kungu kwa mawe tupate ile mbegu ya ndani, kengele ikilia twarudi darasani na madoa kwenye sare. Nimempigia yule dada, nikamtajia "Chini ya Mkungu". Kacheka, akaniuliza kama bado nachukua kungu za wenzangu. Aliyehamia la sita naye aukumbuka. Sasa nipige kura kwenye grupu?

MwalimuMstaafu: Usianze na kura. Ya WhatsApp huonyesha nani kachagua nini, na wanaojiona wageni hufuata wengi au hunyamaza. Wapigie kwanza wale waliotoka mapema, mmoja mmoja, uwasikilize. Wakilikubali, hao wengine hawatakuwa na shida.

KakaChangamwe: Na mimi niliyehama nchi, nikiona "Chini ya Mkungu" nitajuaje ni shule yangu? Mikungu imejaa Mombasa nzima.

MwalimuMstaafu: Hapo una haki. Jina la shule na "1991–1998" viwekwe kwenye maelezo ya grupu, na atakayetuma kiungo ajitambulishe.

BintiMtongwe: Hiyo naichukua. Ila aliyefungua grupu ashikilia "98" ibaki kwenye jina, ati ndiyo jasho lake. Na wengine wauliza kama walimu waingie. Kwa hilo la walimu mimi sitaki, nusu ya hadithi zetu ni zao.

MzeeWaFeri: Walimu waingie, wao hulipa michango kwa wakati.